Mama alinunua kinu, mota ikaungua: je, bado anaweza kukirudisha?

Shikamoo Mwalimu,

Nasoma diploma ya biashara na muhula huu tuna somo la sheria ya biashara. Mama yangu ana duka karibu na Kaloleni. Tarehe 3 Machi nilimsindikiza kwa muuza mashine mmoja Mombasa. Alimwambia kijana wa mauzo kwamba anataka kinu cha kuwasagia wateja mahindi, kwamba kwetu umeme ni wa fezi moja, na kwamba siku za soko watu huja na magunia. Kijana akatuonyesha kinu pale dukani, akakiwasha kikiwa kitupu, akasema, "Chukua hiki mama, kwa saa moja kinamaliza gunia mbili, kitakufaa kabisa." Mama akalipa shilingi 180,000. Tarehe 5 wakatuletea kingine cha namna ile ile kutoka ghalani.

Tangu juma la kwanza mota ilichemka na swichi ikawa inakatika kila baada ya dakika ishirini hivi. Tarehe 9 mama akapiga simu kulalamika, akaambiwa mashine mpya haina budi kuzoea. Tarehe 24 wakamtuma fundi wao, akabadilisha kapasita. Mama akakijengea kinu msingi wa zege na akaendelea kusaga kidogo kidogo. Aprili alimlipa fundi wa hapa kwetu 6,500. Tarehe 19 Mei mota ikaungua kabisa. Fundi alisoma vibati: mota ni ya HP 5, na kibati cha kinu chenyewe kinataka HP 10. Juu ya hayo, mama amekosa tenda ya kuuzia shule unga ambayo ingempa faida ya 45,000.

Muuzaji anasema risiti imeandikwa "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Mwenzangu darasani anasema mnunuzi ana siku 30 tu za kurudisha, na zimeshapita, kwa hiyo mama hana lake. Daftari langu linasema sharti likivunjwa mnunuzi anaweza kuikataa bidhaa. Tushike lipi, na mama afanye nini?

Msichana wa Kaloleni

*

Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole.

Tuanze na mwenzako, maana kosa lake hulifanya wanafunzi wangu kila mwaka. Hizo siku 30 zipo kweli, ila zipo Uingereza, katika sheria yao ya haki za walaji ya mwaka 2015. Sisi Kenya tunatumia Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo maneno yake mengi yalichukuliwa katika sheria ya Waingereza ya mwaka 1893. Wenyewe wameifumua yao mara kadhaa tangu hapo, sisi yetu imebaki karibu na ile ya kale. Kwa hiyo ukisoma maelezo ya Kiingereza ya siku hizi ukayapeleka katika mtihani wa Kenya, au mbaya zaidi katika dai la mama yako, unakuwa umevaa kiatu cha mtu mwingine. Hukumu zao za zamani ndizo zinazotufaa, kwa kuwa zilifafanua maneno yale yale tuliyo nayo. Haziwafungi mahakimu wetu, lakini huheshimiwa.

Sasa tuje kwenye kinu. Mama yako hakuandikiana na muuzaji chochote zaidi ya risiti, na bado sheria imemwekea ahadi ambazo hakuna aliyezitamka. Kifungu cha 16 ndicho chenye mambo yetu. Kinaanza kwa ukali, kwamba kwa kawaida hakuna ahadi isiyosemwa kuhusu ubora wa bidhaa wala kufaa kwake, yaani mnunuzi afumbue macho. Halafu kinatoa hali ambazo msimamo huo unalegea, na ya kwanza ndiyo ya mama yako. Ikiwa mnunuzi amemjulisha muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, kwa namna inayoonyesha kwamba anautegemea ujuzi wa muuzaji huyo, na bidhaa yenyewe ni ya aina anayoiuza katika biashara yake, basi kuna sharti kwamba bidhaa itaifaa kazi ile kwa kiasi cha kuridhisha.

Pima maneno ya mama kwa kipimo hicho. Hakusema tu "nataka kinu." Alitaja mahindi ya wateja, magunia ya siku ya soko, na umeme wa fezi moja. Hakuchagua mota mwenyewe, kijana ndiye aliyesema "chukua hiki." Na duka la mashine kuuza mashine ni kazi yake. Vitu vitatu vimetimia. Kinu chenye mota ya HP 5 mahali panapohitaji HP 10 kitazunguka vizuri kikiwa kitupu, ndiyo maana pale dukani kilinguruma mkakipenda. Ukikimiminia mahindi, nyundo zinapata mzigo, mota inavuta umeme zaidi ya iliyosukiwa, waya zake za ndani zinapata joto, swichi inakatika ili kuiokoa. Ikilazimishwa hivyo majuma na majuma, ngozi ya waya inaungua. Hakuna mashine "inayozoea" hesabu ya namna hiyo.

Katika madaftari yenu mtakuta kesi ya Baldry dhidi ya Marshall, iliyoripotiwa mwaka 1925. Bwana mmoja alimwambia muuza magari kwamba anataka gari la starehe la kutembelea. Muuzaji akampendekezea Bugatti. Gari lilikuwa zuri, lakini si kwa kazi aliyoitaja yule bwana. Muuzaji akajitetea kwamba aliuza kitu kwa jina lake la kibiashara. Sheria ina mwanya wa namna hiyo kweli, na wetu tunao hadi leo: ukiagiza bidhaa maalumu kwa jina la kampuni yake, sharti la kufaa kwa kazi halipo. Mahakama ikasema mwanya huo humfaa muuzaji pale mnunuzi anapolitaja jina hilo kuonyesha kwamba ameridhika nalo na hategemei ushauri wa mtu. Kutaja jina peke yake hakutoshi. Mama yako hakuingia pale na jina la kinu kinywani. Hilo liandike kwa kalamu nyekundu, kwa sababu wakili wa muuzaji ataliuliza.

Hali ya pili katika kifungu hicho ni sharti kwamba bidhaa iliyouzwa kwa maelezo yake iwe ya ubora wa kuuzika. Wanafunzi hulikimbilia kwa kuwa ni rahisi kukariri. Hapa mimi nisingelitanguliza. Mota ya HP 5 si mota mbovu. Kwa pampu au kwa kinu kidogo ingefanya kazi miaka. Tena sharti hilo lina kikwazo: mnunuzi akiikagua bidhaa, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ungeifichua. Muuzaji atasema kibati kilikuwa wazi mngekisoma. Katika sharti la kufaa kwa kazi hakuna kikwazo hicho cha ukaguzi. Mtu aliyetegemea ujuzi wa muuzaji halazimiki kusoma vibati.

Lipo pia sharti la kifungu cha 15, kwamba bidhaa ilingane na maelezo iliyouziwa. Laiti risiti ingeandikwa "kinu, mota HP 10," ningekwambia ufunge barua hapa hapa, dai limekwisha. Nashuku imeandikwa tu "poshomili 1." Kaiangalie tena, na uangalie hati ya kupokelea mzigo kama ipo. Maneno ya "gunia mbili kwa saa" nayo usiyaache. Hiyo ni ahadi iliyotamkwa wazi, na wewe ulikuwepo, kwa hiyo wewe ni shahidi. Gunia letu la mahindi huhesabiwa kilo 90, basi kijana aliahidi kilo 180 kwa saa. Muulize mama kilikuwa kikitoa ngapi.

Kuhusu maandishi ya risiti, ni karatasi ya kutishia watu. Sheria inaruhusu wauzaji na wanunuzi kukubaliana kuziondoa ahadi hizi, lakini lazima wakubaliane, na maneno yawe yanaondoa hasa kile kinachodaiwa kuondolewa. Mama alisikia sifa za kinu, akakubali, akalipa, kisha ndipo akakabidhiwa risiti. Mkataba ulikuwa umeshafungwa, na muuzaji hawezi kuongeza sharti lake nyuma ya mlango uliofungwa. Kama bango lenye maneno hayo lilikuwa ukutani mbele ya macho ya mama kabla hajalipa, hoja hii inapungua nguvu, kwa hiyo niambie ukweli. Hata hivyo soma maneno yenyewe: yanasema bidhaa hairudishwi. Hayasemi kwamba muuzaji hatalipa fidia kwa kuuza kisichofaa. Mahakama huyasoma maneno ya kujikinga kwa ubahili, dhidi ya aliyeyaandika. Katika hiyo kesi ya Bugatti mkataba ulisema muuzaji hatoi dhamana yoyote, na mahakama ikajibu kwamba kilichovunjwa ni sharti, na sharti halikutajwa.

Hapo ndipo daftari lako linapoingia. Sharti, kwa lugha ya somo letu, ni ahadi iliyo uti wa mkataba. Ikivunjwa, mnunuzi anaweza kuikataa bidhaa na kudai bei yake yote. Dhamana ni ahadi ya pembeni. Ikivunjwa, anabaki na bidhaa na kudai fidia. (Msiichanganye na waranti ya mwaka mmoja inayokuja ndani ya boksi. Hiyo ni ahadi ya kampuni, nyingine kabisa.) Kufaa kwa kazi ni sharti. Kwa hiyo daftari halijakosea, ila limekatisha sentensi katikati, kwa sababu kifungu cha 13 kinaendelea kusema kwamba haki ya kukataa inaweza kumtoka mnunuzi, na sharti lililovunjwa likahesabiwa kama dhamana tu.

Inamtoka kwa njia mbili. Ya kwanza ni kali, na wengi hawaijui. Kama mkataba ni wa kitu mahsusi, kile kile kilichonyooshewa kidole, na umiliki wake umeshahamia kwa mnunuzi, kukataa hakupo tena. Na umiliki wa kitu mahsusi kilicho tayari kukabidhiwa kwa kawaida huhama pale pale mkataba unapofungwa, hata kama bado kimekaa dukani. Ungekuwa umeniambia kwamba mama alisema "nataka hiki hiki," wakakitia alama ya chaki na kukipakia, ningekwambia mlango wa kurudisha ulifungwa tarehe 3 kabla hamjapanda matatu. Waingereza waliiona dhuluma hiyo wakaifuta mwaka 1967. Kwetu imebaki, na sijui kwa nini Bunge halijaigusa. Bahati ya mama ni kwamba aliletewa kingine kutoka ghalani. Mkataba wake ulikuwa wa kinu cha aina ile, si cha kile kimoja, na kwa hiyo njia hii haikumfunga.

Njia ya pili ndiyo iliyomkuta, nayo ni kukubali. Lugha yetu inatusaidia hapa kuliko Kiingereza cha mahakamani: kupokea si kukubali. Tarehe 5 Machi mama alipokea kinu. Sheria inampa nafasi ya kutosha kukikagua na kukijaribu na mahindi kabla ya kuhesabiwa kwamba amekikubali. Atahesabiwa amekikubali akimwambia muuzaji hivyo, au akikitendea jambo la kimiliki lisilopatana na umiliki wa muuzaji, au akikaa nacho muda usio wa kawaida bila kumjulisha muuzaji kwamba anakikataa. Sheria haikutaja siku 30 wala siku 7. Muda wa kawaida hutegemea bidhaa: samaki ni saa, kinu huenda ni majuma mawili matatu ya kukijaribu.

Sasa tazama kalenda. Tarehe 9 Machi mama alipiga simu. Alisemaje? Kama alisema "kina shida, nisaidieni," hakukikataa, alilalamika tu. Laiti angesema "sikitaki, njooni mkichukue, nirudishieni pesa zangu," siku hiyo ingekuwa imetosha, na wala asingelazimika kukodi gari la kukirudisha Mombasa. Kazi ya mnunuzi anayekataa ni kujulisha, kubeba ni juu ya muuzaji. Siku ambazo fundi wao alikuwa anahangaika na kapasita naweza kumtetea mama kwamba zisihesabiwe dhidi yake, maana wao ndio waliomwambia angoje. Lakini baada ya tarehe 24 swichi iliendelea kukatika, mama akakijengea msingi wa zege, akakitumia, akamlipa fundi wake mwenyewe. Kutoka kupokea hadi kuungua ni siku 75. Mimi ningekuwa hakimu ningesema alikikubali. Naona ni vigumu kumpata hakimu atakayesema vinginevyo, na sitaki mama alipie dai la 180,000 ambalo linaweza kumwangukia.

Mwenzako, basi, amefika karibu na mahali sahihi kwa njia isiyo sahihi, kisha akaanguka katika hatua ya mwisho. Kurudisha kumepita, ndiyo. "Hana lake" si kweli. Kukubali kunaondoa haki ya kukataa, hakuondoi kosa la muuzaji. Mwaka 1911 Waingereza waliamua kesi ya Wallis dhidi ya Pratt, ya mbegu za majani ya mifugo. Mnunuzi aliuziwa aina moja kumbe ni nyingine ya thamani ndogo. Mbegu zikapandwa, na kosa likaonekana mimea ilipokua. Nani angeweza kurudisha mbegu zilizokwisha kuota? Alilipwa fidia, ijapokuwa mkataba ulisema muuzaji hatoi dhamana yoyote. Mahakama ilisema sharti lililovunjwa halibadiliki jina kwa sababu tu mnunuzi amebakiwa na dawa ya dhamana, yaani kudai fidia peke yake.

Dawa yenyewe tuikokotoe. Kipimo cha msingi ni tofauti kati ya thamani ya kinu kama kingekuwa cha kufaa, na thamani yake kilivyokuwa siku kilipokabidhiwa. Njia nyepesi ya kuonyesha tofauti hiyo ni gharama ya kukifanya kiwe kama kilivyoahidiwa. Mwende kwa wauzaji wawili wengine mpate bei ya maandishi ya mota ya HP 10 ya fezi moja na kazi ya kuifunga. Tuseme bei iliyo nafuu ni 68,000. Mota iliyoungua bado ina shaba ndani, na fundi wa kusuka waya akisema ataichukua kwa 4,000, toeni hizo. Zinabaki 64,000. Zile 6,500 za fundi wa Aprili ziongezeni, mradi ana risiti au ujumbe wa malipo kwenye simu, na mradi alichofunga kimeungua pamoja na mota. Kama alinunua mkanda ambao bado unatumika, bei ya mkanda itoeni.

Halafu faida iliyopotea. Kesi mama wa somo hili, kwa sadfa, ni ya kinu vilevile: Hadley dhidi ya Baxendale, mwaka 1854, mhimili wa kinu cha Gloucester uliochelewa kwa msafirishaji huku kinu kimesimama. Wenye kinu walikosa faida waliyoidai, kwa kuwa msafirishaji hakuwa na sababu ya kujua kwamba bila mhimili ule kinu hakisagi. Kinacholipwa ni hasara inayotokana na uvunjaji kwa mkondo wa kawaida wa mambo, au ile ambayo pande zote mbili ziliiona mbele wakati wa kufunga mkataba. Muuzaji wenu alijua kinu ni cha biashara, aliambiwa. Kwa hiyo mapato ya kawaida ya kusaga yanadaiwa, baada ya kutoa umeme na ujira wa kijana. Daftari la mama likionyesha kwamba siku ya kawaida humbakizia 900, na ikiwa ilikuwa inawezekana kupata mota nyingine ndani ya siku 14 baada ya tarehe 19 Mei, ni 12,600. Asidai miezi mitatu. Sheria haimruhusu mtu akae barazani anahesabu hasara anayoweza kuikomesha. Kama hakuwa na fedha za kununua mota, aeleze hivyo wazi, lakini asilitegemee sana.

Tenda ya shule, iacheni. Najua inauma, ni 45,000. Mwaka 1949 kampuni ya kufua nguo, Victoria Laundry, ilidai wauzaji waliochelewesha boila miezi mitano. Ilipata faida ya kawaida ya kufua, kwa kuwa muuzaji alijua boila ni ya kazi ya kufua. Mikataba yake minono ya kutia nguo rangi haikulipwa kama mikataba, maana muuzaji hakuambiwa habari zake. Mama hakumtajia kijana wa mauzo shule yoyote. Ukiiweka katika dai, hakimu ataanza kulitilia shaka hata lile la halali.

Jumla basi ni 64,000 na 6,500 na 12,600, yaani 83,100, na kinu kinabaki kwa mama. Linganisha na alichokuwa anafikiria, 180,000 na kinu kiondoke. Kwa mtu aliyekwisha kumwaga zege, sioni kwamba amepunjwa.

Mwandikieni muuzaji barua moja fupi. Iseme tarehe, kazi mliyomtajia, alichowajibu, vibati vinasemaje, kiasi mnachodai na mgawanyo wake, na kwamba asipolipa ndani ya siku 14 mtakwenda mahakamani. Siku 14 ni desturi, si kifungu. Msiandike "tunakirudisha" mstari mmoja na "tunadai fidia ya kukitengeneza" mstari wa pili. Hizo ni dawa mbili zinazopingana, na muuzaji mjanja atawauliza mnataka ipi. Asipojibu, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai ya mauziano ya bidhaa yasiyozidi shilingi milioni moja na inatakiwa iamue ndani ya siku 60. Mama anaweza kujisemea mwenyewe. Dai la mkataba kwa Kenya lina miaka sita kabla halijafa, lakini shahidi wenu mkubwa ni maneno ya kijana wa mauzo, na vijana wa mauzo huhama maduka.

Muuzaji atajitetea kwamba mlisaga mahindi mabichi au mlizidisha mzigo. Mahindi ya kusaga yanatakiwa yawe makavu, unyevu usizidi asilimia 13.5, na kama mama alikuwa akipokea mahindi yaliyotoka shambani juzi, hoja hiyo itawasumbua. Jibu lenu ni vibati viwili. Kwa hiyo vipigeni picha zinazosomeka, pamoja na namba za mashine, na mwombeni fundi aandike nusu ukurasa alichokikuta na kwa nini mota iliungua. Na kabla ya yote hayo, mpigie mama simu leo umwambie mota asiipeleke kwa msuka waya wala asiiuze shaba bado. Aifunike kwa gunia, ikae pale pale hadi muuzaji au hakimu aione.